Kwa nini transista ya relei hufa, na dayodi moja inazuia nini

*Swali: Fundi, habari. Niko Ahero, natotoa vifaranga kwa mashine niliyoiunda mwenyewe: Arduino, transista BC547, relei ya volti 12 na balbu nne za stima. Transista inafanya kazi siku kadhaa halafu inakufa. Hii ya mwisho ilikufa usiku, balbu zikabaki zimewaka, mayai yakaiva. Jamaa mmoja ananiambia nimeacha dayodi. Lakini betri ni volti 12 na BC547 inahimili 45, sasa hiyo dayodi inakinga nini? Na nikitumia IRFZ44N kuendesha pampu ya maji ya volti 12, halafu niongeze mota ya stima ya kugeuza trei, nazo zinataka dayodi?*

Pole kwa mayai, ndugu yangu. Huyo jamaa amesema kweli, na hesabu yako ya 12 dhidi ya 45 ingekuwa sawa kabisa kama transista ingekuwa inawasha balbu ndogo ya betri. Tatizo ni kwamba ndani ya relei kuna koili, na koili ina tabia ambayo balbu haina: haikubali mkondo wake ukatwe ghafla.

Umeme ukipita kwenye waya uliozungushwa mara maelfu juu ya chuma, unajenga usumaku. Usumaku huo ndio unaovuta kile kibati na kufunga swichi, lakini pia ni nishati iliyowekwa akiba. Ukizima transista, nishati hiyo haipotei kwa sababu wewe umeamua. Ni kama mkokoteni uliojaa magunia unaoteremka: ukiuwekea kizuizi mbele hausimami hapo, unakisukuma kizuizi mpaka ama kivunjike ama nguvu yake iishe. Koili nayo inaendelea kusukuma mkondo uleule uliokuwepo kabla ya kuzima, na kwa kuwa njia imefungwa, inapandisha volti mpaka ipate pa kupitia. Wanafizikia wanaiandika hivi:

```
V = L × (di/dt)
```

L ni uzito wa koili upande wa usumaku, unaopimwa kwa henri, na hiyo sehemu ya pili ni kasi ya mkondo kubadilika. Ona kwamba volti za betri yako hazimo kabisa kwenye fomyula hii. Volti zinazotokea hazijui kama betri ni ya 12 au ya 5. Zinajua tu mkondo ulikuwa kiasi gani na umekatwa upesi kiasi gani.

Tuchukue relei yako. Zile ndogo za bluu za volti 12 zinazouzwa sana huwa na koili ya omu 400 hivi. Gawanya 12 kwa 400 unapata miliampea 30. Henri za koili hazichapishwi juu ya relei, kwa hiyo tukadirie 0.4, kiasi kinacholingana na koili ya aina hii. BC547 ikizima, mkondo wake unaweza kukatika ndani ya mikrosekunde moja hivi. Weka namba hizo kwenye fomyula: 0.4 mara 0.03, gawanya kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Jibu ni volti 12,000.

Hutaziona volti 12,000 kamwe. Waya wa koili wenyewe una kapasita kidogo kati ya mzunguko mmoja na mwingine, nao unameza sehemu ya mshtuko. Bado relei kama hii, ikikatwa bila kinga yoyote, hufika mamia ya volti bila shida. Halafu angalia upande zinakoelekea. Upande mmoja wa koili umefungwa kwenye chanya ya betri, hauwezi kwenda popote. Upande wa pili ndio uliounganishwa na kolekta ya transista, na huo ndio unaopaa. Kolekta iliyokuwa karibu na sifuri sekunde iliyopita sasa inadaiwa ihimili volti 12 za betri pamoja na mamia ya koili. Ile 45 uliyoisoma kwenye karatasi ya BC547 inapitwa mwanzoni kabisa mwa safari.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, huhitaji osiloskopu. Toa ile taa ndogo ya neoni ya rangi ya machungwa kwenye ekstensheni mbovu, pamoja na rezista yake. Neoni haiwaki mpaka ipate kati ya volti 60 na 90 hivi. Iunganishe sambamba na koili ya relei peke yake, bila transista, bila Arduino. Kisha gusisha waya wa betri kwenye koili na uuachie. Ukigusisha, relei inalia "tak" na neoni haifanyi chochote, kwa sababu volti 12 haziitoshi. Ukiachia, neoni inamweka mara moja. Fanyia mahali penye kivuli uone vizuri, na shika waya kwenye ganda lake, maana ukiwa umekamata ncha zote mbili za koili kwa vidole utarushwa na betri ya volti 12 na hutaamini. Sasa weka dayodi kwenye koili kama nitakavyoeleza hapo chini, urudie. Neoni haimweki tena.

Multimita yako haitakuonyesha kitu hapa. Inasoma mara chache kwa sekunde, na mshtuko huu umekuja na kuondoka kabla haijageuka. Ndiyo maana watu wengi wanapima, wanaona 12 safi, wanahitimisha kwamba transista walizouziwa ni feki. Feki zipo, sikatai, lakini transista feki haina tabia ya kungoja siku kadhaa ndipo ife kwenye relei peke yake.

Sasa ndani ya BC547 kunatokea nini hasa? Volti za kolekta zikipanda, zinafika mahali ambapo kizuizi kilicho kati ya kolekta na emita kinaachia. Kwa transista nyingi za namna hii kinaachia juu kidogo ya ile 45 iliyoandikwa, maana mtengenezaji huandika kiwango anachoweza kukiahidi. Tuseme yako inaachia kwenye volti 70. Hapo koili imepata njia, kwa hiyo volti hazipandi zaidi. Zinabaki 70, na mkondo wa koili unapita kwa nguvu ndani ya transista ambayo kwa maoni ya Arduino imezimwa.

Mara 70 kwa 0.03 ni wati 2.1. BC547 imetengenezwa kubeba nusu wati. Hali hiyo inadumu muda mfupi sana, sehemu mbili za kumi za milisekunde hivi, mpaka akiba ya koili iishe. Kama joto hilo lingesambaa sawasawa kwenye kipande chote cha silikoni, transista ingevumilia. Lakini halisambai. Kizuizi kinapoachia, mkondo hupenda kupita mahali padogo palipo dhaifu kuliko kwingine. Pale panapopita mkondo panapata joto, na pakishapata joto panapitisha mkondo zaidi ya jirani zake. Kidoa hicho kisichoonekana kwa macho kinaungua wakati sehemu nyingine ya transista bado ni baridi. Ukiigusa kwa kidole hutahisi lolote.

Hii ndiyo sababu haifi siku ya kwanza. Nishati ya mshtuko mmoja wa relei yako ni ndogo, haifiki hata robo ya milijouli, na transista nzima inaweza kuumeza mara nyingi. Kinachoimaliza ni kurudia. Mashine ya kutotolea inashikilia joto la nyuzi 37.5, na programu ikiandikwa izime na kuwasha kwa tofauti ndogo, relei inaweza kulia kila dakika. Hiyo ni mara 1,440 kwa siku. Kila mara kile kidoa kinachomwa kidogo. Transista inaanza kuvujisha umeme ikiwa imezimwa, kisha siku moja silikoni inayeyuka mahali pale na kolekta inashikana na emita moja kwa moja.

Na hapo ndipo mayai yako yalipopotelea. Watu hudhani kifaa kikiungua kinakata umeme. Transista ikifa kwa namna hii kwa kawaida haikati, inashikana. Kama kungekuwa na mkondo mkubwa nyuma yake, ule uzi mwembamba wa ndani ungeungua na hapo ndipo ingekata. Lakini koili yako ina omu 400, hairuhusu zaidi ya miliampea 30, na uzi wa ndani unabeba kiasi hicho bila wasiwasi. Kwa hiyo relei inabaki imevutwa, balbu zinawaka usiku kucha, na Arduino imezima pini yake ikidhani imemaliza kazi.

Kabla hujabadilisha transista nyingine, hakikisha ugonjwa ni huu, kwa sababu relei yenyewe nayo huweza kushikana. Balbu za uzi zikiwa baridi huvuta mkondo mkubwa sana kwa muda mfupi zinapowashwa, na cheche hizo huweza kuchomelea visahani vya swichi ndani ya relei vikashikana. Dalili kwa nje ni ileile: balbu haizimi. Namna ya kutofautisha ni kuchomoa waya wa volti 12 unaoingia kwenye koili. Relei ikilia "tak" na balbu zikazima, swichi ni nzima na mkosaji ni transista. Balbu zikiendelea kuwaka wakati koili haina umeme, visahani ndivyo vimeshikana na dayodi haihusiki.

Kisha ing'oe transista uipime ikiwa nje ya bodi. Ishike upande bapa ukikutazama, miguu chini: kushoto ni kolekta, katikati besi, kulia emita. Weka multimita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu kwenye besi, mweusi kwenye kolekta, halafu mweusi kwenye emita: nzima inasoma kati ya 0.6 na 0.7 pande zote mbili. Halafu pima kolekta na emita, mbele na nyuma. Nzima haisomi kitu. Iliyokufa kama yako itasoma karibu na sifuri, au namba fulani ndogo pande zote mbili. Hapo huna tena cha kubishana.

Dawa yenyewe ni fupi. Chukua dayodi, kile kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, iweke sambamba na koili ya relei, mguu wenye mstari kwenye chanya ya volti 12, mguu mwingine kwenye ncha ya koili inayokwenda kolekta. Wakati transista imewasha, dayodi imegeuka kinyume cha mkondo na haifanyi chochote. Transista ikizima, ile ncha ya kolekta inaanza kupaa, na ikizidi chanya ya betri kwa volti 0.7 tu, dayodi inafunguka. Mkondo wa koili unapata njia ya kurudi ulikotoka: unatoka koili, unapita dayodi, unaingia koili tena, ukizunguka hivyo mpaka omu 400 za waya wake wenyewe ziugeuze wote kuwa joto. Kolekta haioni zaidi ya volti 12.7. Kutoka 70 hadi 12.7, kwa kipande kimoja.

Ukiigeuza, mstari ukiwa upande wa kolekta, umeunganisha chanya na transista moja kwa moja bila koili katikati. Siku hiyo BC547 haitangoja kufa polepole. Itakufa mara ya kwanza Arduino ikiwasha pini. Nimeona watu wakisema "niliweka dayodi na ikaua transista papo hapo, kwa hiyo dayodi ni mbaya," na kila mara ukiangalia bodi mstari uko upande usiofaa.

Kuhusu namba ya dayodi, watu wanababaika bure. Wanasikia mshtuko ni mamia ya volti, wanatafuta dayodi ya volti nyingi. Lakini dayodi ikiwepo mshtuko hauzaliwi. Dayodi inahitaji kuhimili volti za betri tu ikiwa imefungwa, na kubeba mkondo uleule uliokuwa kwenye koili, yaani miliampea 30. 1N4148 ndogo ya kioo inatosha. 1N4007 nayo inatosha na kubaki, na huhitaji hata kuinunua: fungua chaja mbovu ya simu au balbu ya zamani ya kuokoa umeme, nyingi utazikuta na dayodi nne za aina hiyo au jamii yake pale stima inapoingilia. Zing'oe, uzipime kwa multimita. Upande mmoja usome kati ya 0.5 na 0.7, upande wa pili usisome kitu. Uisolde karibu na miguu ya koili, si mwisho wa waya mrefu upande wa Arduino. Mkondo unaozunguka ukiwa na njia fupi, hausumbui waya za kipimajoto zilizo karibu.

Kuna gharama ndogo unayolipa. Kwa kuwa sasa akiba ya koili inaisha polepole, relei inachelewa milisekunde chache kuachia. Kwa balbu za vifaranga hilo si neno. Kama ungekuwa unakata mkondo mkubwa wa sola, ambako swichi ikifunguka kivivu inachoma visahani vyake, watu huongeza dayodi ya zena mfululizo na hii ya kawaida ili volti zipande kiasi kinachodhibitiwa na relei iachie upesi. Wewe huhitaji.

Angalia pia rezista ya besi. Kama umeweka omu 1,000 kutoka pini ya volti 5, besi inapata miliampea 4.3, na hiyo inatosha kuishikilia BC547 ikiwa imefunguka kabisa kwa koili ya miliampea 30. Ukiwa umeweka 10,000, transista inaweza kubaki nusu wazi na kupata joto kwa sababu nyingine kabisa. Na kama siku moja utanunua bodi ya relei iliyokwisha kutengenezwa, tazama kando ya ile relei ya bluu: kwa kawaida utaona dayodi ndogo imeshakaa pale, na huna haja ya kuongeza. Chipu ya ULN2003 nayo ina dayodi zake ndani, ila zinatokea kwenye mguu wa 9, na mguu huo usipoufunga kwenye chanya ya relei, dayodi zile ni mapambo.

Sasa pampu. Hapa mambo yanakuwa mazito zaidi, na sababu yake si volti bali idadi ya mapigo. Mota ya pampu ya volti 12 ina henri chache sana ukilinganisha na relei, tuseme 0.001, lakini mkondo wake ni ampea 3. Nishati ni nusu ya L mara mkondo mara mkondo, kwa hiyo unapata milijouli 4.5. Hiyo ni zaidi ya mara ishirini ya ile ya relei. Ukiwa unaiwasha asubuhi na kuizima jioni, IRFZ44N inaweza kuimeza hata bila dayodi, kwa sababu hiyo ni transista ya aina ya mosfeti, na mosfeti nyingi za nguvu zimeundwa zivumilie kuachia mara kwa mara kwenye kikomo chake, ambacho kwa hii ni volti 55. Basi mtu anaijaribu mezani, inafanya kazi, anaondoka akiwa na uhakika.

Halafu anaamua kupunguza kasi ya maji kwa `analogWrite()`. Kwenye pini ya 9 ya Arduino Uno, amri hiyo inawasha na kuzima mota mara 490 kila sekunde. Kila kuzima ni milijouli 4.5 zinazoingia ndani ya mosfeti. Zidisha: ni wati 2.2 za joto la mshtuko peke yake, na nimehesabu kwa upole, kwa sababu betri nayo inachangia kidogo wakati ule. IRFZ44N isiyofungwa kwenye bati la kupozea hupanda nyuzi 62 kwa kila wati. Hiyo ni nyuzi 136 juu ya hewa ya Ahero, ambayo mchana tayari iko 30. Umefika 166, na kikomo cha silikoni yake ni 175. Ongeza joto la kawaida la kupitisha ampea 3, umevuka. Kwa hiyo mosfeti ya pampu haifi kama BC547. Hii inaungua kwa joto la mwili mzima, na utaisikia kwa pua kabla hujaiona.

Hapa usitumie 1N4007. Inabeba ampea 1 tu, na tena ni nzito kufunga. Ikiwa imebeba mkondo wa mota na mosfeti ikawashwa tena, dayodi hiyo inabaki wazi mikrosekunde kadhaa kabla haijafunga, na kwa muda huo betri inapita dayodi na mosfeti kama waya mtupu. Kwa relei inayolia kila dakika jambo hilo halina maana. Kwa mapigo 490 kwa sekunde linakula nguvu na kupasha moto vyote viwili. Chukua dayodi ya Shotki kama 1N5822, ya ampea 3 na volti 40, na kama pampu yako huvuta zaidi inapokwama na takataka, SB560 ya ampea 5. Iweke vilevile, mstari kwenye chanya, karibu na mota. Kapasita ya seramiki yenye maandishi 104, ikisoldwa kati ya nguzo mbili za mota, itapunguza cheche za brashi ambazo zingeivuruga Arduino.

Utamsikia mtu akisema mosfeti ina dayodi ndani yake, basi hakuna haja. Dayodi hiyo ipo kweli, lakini iko kati ya dreni na sosi, ikiangalia upande ambao haushiki mshtuko huu. Dreni inapopaa juu ya betri, dayodi ya ndani imefungwa kama mlango. Inasaidia kwenye saketi za mosfeti nne za kugeuza mota mbele na nyuma, si hapa.

Jambo moja kando, kwa sababu litakufanya uilaumu dayodi bure: IRFZ44N haifunguki kabisa kwa volti 5 za Arduino. Inataka 10 kwenye geti. Ukiweka dayodi sahihi na mosfeti bado ina moto, badilisha uchukue IRLZ44N, ambayo herufi ya tatu pekee ndiyo tofauti, nayo inafunguka vizuri kwa 5.

Mota ya kugeuza trei ni habari nyingine. Kwa kuwa umesema ni ya stima, volti 240, usiiwekee dayodi hata kidogo. Stima inageuka upande mara 100 kwa sekunde, yaani mizunguko 50, na dayodi iliyo sambamba na mota itakuwa njia ya mkato kwa nusu moja ya kila mzunguko. Itapasuka mara utakapowasha. Mota hiyo nayo ina koili na inarusha mshtuko swichi ya relei inapofunguka, na mshtuko huo ndio mara nyingi unaofanya Arduino ijizime na kuwaka upya wakati trei zinasimama. Dayodi uliyoweka kwenye koili ya relei haiuzuii, maana uko upande wa pili wa relei. Hapo unaweka rezista ya omu 100 mfululizo na kapasita ya mikrofaradi 0.1, ile ya boksi iliyoandikwa X2 na 275, si kapasita yoyote uliyoikuta.

Wengi huziweka sambamba na visahani vya relei. Kwako usifanye hivyo. Kapasita ya 0.1 kwenye stima ya 240 hupitisha miliampea 7.5 hata swichi ikiwa wazi, na mota ndogo ya trei ya wati 4 inavuta 17 hivi ikiwa inafanya kazi. Itabaki inanguruma, pengine hata kujongea, wakati unadhani imezima. Zisolde sambamba na mota yenyewe, nyuma ya relei, ili relei ikifunguka zote mbili zikatike na stima.